Garanti ya nyumba Lubumbashi: orodha ya makato si hukumu

Mimi ni komisioneri, kazi yangu ni kutafutia watu nyumba, na ndiyo, mwezi mmoja wa kodi huwa ni wangu, basi nitukaneni kwanza tuendelee. Watu hunikumbuka mara mbili: siku ya kuingia na siku ya kutoka. Siku ya kutoka ndiyo yenye kelele, kwa sababu mpangaji anasubiri garanti yake, ile pesa aliyoweka siku ya kuingia, na mwenye nyumba anamletea karatasi ya makato.

Mwaka jana mama mmoja wa Katuba alinipigia simu akiwa anafunga magodoro. Alikuwa amekaa miaka 4 katika nyumba ya vyumba vitatu, kodi dola 120 kwa mwezi, garanti miezi mitatu, yaani dola 360. Miezi mitatu ndiyo mwisho kwa nyumba ya kukaa kufuatana na sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ingawa wapo wanaodai miezi sita bila haya. Karatasi aliyopewa ilisema hivi: rangi nyumba nzima 150, kioo cha dirisha 15, serire ya mlango 20, kunyonya choo 60, deni la umeme wa SNEL 48. Jumla 293. Kwa hiyo arudishiwe dola 67, na asante.

“Imeandikwa, ina sahihi na mhuri, basi imekwisha.” Hiyo ndiyo dhana inayowaangusha wengi. Karatasi ya makato ni madai ya upande mmoja. Garanti inabaki mali ya mpangaji, mwenye nyumba ameishika tu, na anayetaka kuikata mwombe aonyeshe kitu gani kimeharibika, nani amekiharibu na kukitengeneza ni bei gani. Kwa hiyo nilimwambia mama asipigie kelele ile jumla. Ashike mstari mmoja mmoja na kwa kila mstari aulize: kilikuwaje nilipoingia? Kimechakaa au kimevunjwa? Risiti iko wapi?

Tuanze na rangi, kwa sababu ndipo pesa nyingi zilipo na ndipo watu wanapodanganyana zaidi. “Mpangaji akitoka lazima apake rangi.” Wengi wanaamini ni sheria. Si sheria. Mpangaji anajibu uharibifu alioufanya, hajibu uchakavu unaoletwa na kuishi na miaka kupita. Na hapa kwetu ukuta unachakaa haraka: kiangazi vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakifungwa, halafu Novemba mvua zinaanza na unyevu unapanda kutoka chini. Rangi iliyofifia, weusi juu ya swichi, alama ya kabati lililokaa mahali pamoja: huo ni uchakavu. Tundu la msumari lililobomoa plasta, mafuta yaliyorushwa ukutani, michoro ya makaa: huo ni uharibifu.

Mama alikuwa na michoro ya makaa. Chumba cha watoto kilijaa nyumba, magari na mtu mmoja mwenye vidole tisa. Hakukataa. Lakini chumba ni kimoja, si nyumba nzima, na fundi wa rangi wa kartye alitaja dola 40 kwa chumba hicho, rangi na kazi pamoja. Tena rangi ile ilikuwa na miaka 4. Tukisema rangi ya ndani inadumu miaka 5, ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu, kwa hiyo mama ameharibu sehemu moja ya tano ya zile 40, yaani dola 8. Hiyo miaka 5 ni hoja ya kujadiliana, si amri ya sheria, kwa hiyo usiitaje kama unasoma hukumu. Ila inamlazimisha mwenye nyumba kukubali jambo moja: huwezi kumpa mtu rangi iliyozeeka akurudishie mpya.

Kioo alikubali mara moja, dola 15. Mpira wa mtoto, mashahidi kibao. Namshauri kila mtu afanye hivyo: ukikubali lililo lako, ukikataa lisilo lako watu wanakusikiliza.

Serire ilikuwa nzima na funguo zote mbili zilirudishwa; mlango ndio ulikuwa umevimba kwa mvua mpaka ulimi haupati tundu lake. Mbao kuvimba si kosa la mpangaji.

Choo na umeme vina ujanja wake. Parseli ilikuwa na nyumba nne, tanki moja la choo na kaunta moja ya umeme. Karatasi ilimbebesha mama peke yake gharama za nyumba zote nne. Mkataba wake haukusema kitu juu ya kunyonya choo, lakini alikubali sehemu yake kwa amani: 60 kugawa kwa 4, dola 15. Umeme vilevile, 48 kugawa kwa 4, dola 12, na tuliomba kwanza kuona faktire yenyewe ili tujue ni ya mwezi gani. Isije ikawa analipia taa za mpangaji mpya.

Hesabu yake ikawa 8, 15, 0, 15 na 12: jumla dola 50. Arudishiwe 310, si 67.

Hapo mwenye nyumba akatoa dhana nyingine: “Hatukuandika hali ya nyumba ulipoingia, kwa hiyo huna neno.” Kweli, eta-de-lie iliyosainiwa na wote wawili siku ya kuingia ndiyo silaha bora, na mimi komisioneri nakiri siku zile nilikuwa na haraka ya mwezi wangu. Lakini kukosekana kwake hakumfungi mpangaji mdomo, maana hata mwenye nyumba hana karatasi inayosema rangi ilikuwa mpya. Mama alikuwa na picha kwenye simu, birthday ya mtoto wiki mbili baada ya kuhamia. Nyuma ya keki ukuta unaonekana, na pale chini unyevu umeshauchora.

Wengine hukwepa haya yote kwa kula garanti: miezi mitatu ya mwisho hawalipi kodi. Wanadhani ni haki yao. Bila mwenye nyumba kukubali, na heri akubali kwa maandishi, hiyo ni kodi isiyolipwa, na unamkabidhi sababu ya kukudai.

Na wanaokimbilia shefu wa kartye waelewe kwamba yeye anaweza kupatanisha, hakati kesi. Mgogoro wa kodi unapelekwa kwanza komine, kwenye ofisi ya abita, yaani ya mambo ya makazi. Wanawaita wote wawili, na mkishindwana wanaandika PV ya kutopatana, ndiyo unayokwenda nayo tribinali. Beba mkataba, risiti ya garanti, ile karatasi ya makato na hesabu yako.

Mama hakufika huko. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, mistari mitano kama ile ya karatasi, kila mstari na bei yake na sababu yake, akaipeleka mwenyewe na kuanza kwa heshima: “Papa, kioo ni changu, michoro ni ya watoto wangu.” Mzee akanuna juu ya rangi, akataka nusu ya zile 40. Mama akampa 20. Makato yakawa 62, marudisho 298.

Pesa yenyewe mzee alikuwa ameshaitumia zamani, kama karibu wote. Wakaandikiana karatasi: 150 siku ileile, 148 mpangaji mpya akiingia, na tarehe ya mwisho hata asipoingia. Hiyo tarehe niliisisitiza mimi. Mpangaji mpya alichelewa miezi miwili.