Ukuta wa uzio: kuhesabu matofali na saruji kabla ya kununua

Wakadiriaji majenzi hupokea mara kwa mara makadirio ya uzio ambayo idadi ya matofali iko sawa, lakini saruji imepungua kwa zaidi ya nusu. Sababu ni kwamba mwenye ujenzi amehesabu saruji ya kupanga matofali peke yake.

Tuchukue ukuta wa mita 40 kwa mita 2, bila kuhesabu nafasi ya geti, unaojengwa kwa matofali ya saruji ya inchi 6 yenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23. Ukiongeza kiungo cha saruji cha sentimita 2 kati ya matofali, kila tofali huchukua sentimita 47 kwa 25. Kwa hiyo kozi 4, yaani mistari 4 ya matofali, hutoa kimo cha mita 1, na ukuta wa mita 2 huhitaji kozi 8 juu ya ardhi, pamoja na 2 za msingi. Nguzo 14 za zege, moja kila baada ya mita 3 hivi, hupunguza mita 3.2 za urefu, hivyo kila kozi huingia matofali 79, na kozi zote 10 huchukua 790. Ongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika na kukatwa, nunua 830.

Kwa uwiano wa saruji 1 kwa mchanga 6, mfuko wa kilo 50 hupanga matofali 65 hivi, yaani mifuko 13 kwa kazi yote. Zege la msingi lenye upana wa sentimita 45 na unene wa sentimita 15 linataka mifuko 12, na nguzo zinataka 12 nyingine. Plasta ya milimita 15 pande zote mbili, kwa uwiano wa 1 kwa 5, hula mifuko 15, mingi kuliko hata ile ya kupanga. Jumla ni mifuko 52, ambayo robo yake tu ndiyo iliyoingia katikati ya matofali.

Gharama ya vifaa hivi viwili ni 830 mara bei ya tofali, ukijumlisha 52 mara bei ya mfuko, na bei zote ziwe za mzigo uliokwisha kushushwa kiwanjani. Kwa kimo hichohicho, kila mita ya urefu hugharimu matofali 21 na mfuko 1.3. Mchanga, kokoto, nondo na ufundi huhesabiwa kando. Kiwanja chenye mteremko huongeza kozi za msingi, kwa hiyo pima upande wa chini kabla ya kukubali hesabu hii.

Kazi ikianza, pima kozi 4 za kwanza kwa futi ya mkononi. Zikifika sentimita 108 badala ya 100, fundi anaweka viungo vya sentimita 4, na saruji ya kupanga itakwisha kabla ya ukuta kukamilika.