Gharama ya uharibifu si jumla iliyoandikwa kwenye profoma

Gharama ya uharibifu ni pesa inayohitajika kukirudisha kitu katika hali kiliyokuwa nayo kabla hakijaharibiwa. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Kinachonikera ni ripoti zinazopita mikononi mwangu hapa Mwanza zikiwa na sentensi moja, "gharama ya uharibifu ni milioni mbili, angalia profoma", kisha mhuri na sahihi. Profoma inaonyesha bei ambayo muuzaji au fundi yuko tayari kukutoza. Haisemi ni nini kilichoharibika, wala haisemi kwa nini wewe mwandishi wa ripoti umeichagua bei hiyo.

Chukua stoo ya dagaa pale Kirumba. Lori linarudi nyuma kushusha mzigo, linagonga ukuta wa uzio, na kipande cha mita 6 kinalala chini. Ukuta una kimo cha mita 2, wa tofali za inchi 6, umepigwa plasta pande zote mbili, na umekaa juu ya msingi wa mawe kama kuta nyingi za mji huu. Mwenye stoo anakusanya profoma tatu. Ya kwanza ni shilingi 980,000. Ya pili ni 850,000. Ya tatu ni 1,900,000.

Wengi huchukua ya tatu kwa kuwa ndiyo kubwa, au ya pili ili waonekane waungwana. Zote mbili zina tatizo, na utaliona ukisoma mistari iliyo juu ya jumla. Ya tatu inahesabu mita 10 za ukuta na msingi mpya. Zile mita 4 za ziada zilikuwa na nyufa tangu zamani, lori halikuzigusa, na mawe ya msingi hayajasogea. Ni kazi nzuri, huenda hata inahitajika, lakini ni ukarabati wa mwenye stoo, na wa kuulipia ni yeye. Mkaguzi wa bima akifika na futi yake, akapima mita 6 mahali ulipoandika 10, ataanza kuitilia shaka ripoti nzima, hata sehemu zilizo sahihi.

Ya pili ina maandishi madogo chini: bei haijajumuisha VAT. Kampuni hiyo imesajiliwa kutoza kodi hiyo, kwa hiyo ongeza asilimia 18 na utapata 1,003,000. Ile iliyoonekana rahisi imeipita ya kwanza, ambayo kodi tayari imo ndani. (Fundi wa mtaani asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuongeza kodi hiyo, kwa hiyo ukiiona kwenye karatasi yake, muulize.) Basi ripoti itumie 980,000, na iseme ni kwa sababu hiyo ndiyo bei ya chini kati ya mbili zilizopima kazi ileile, kodi ikiwa ndani.

Halafu onyesha hesabu iliyo nyuma ya tarakimu. Mita 6 mara mita 2 ni mita za mraba 12. Tofali za inchi 6 huenda kama 10 kwa kila mita ya mraba, ukiweka na za kuvunjika, kwa hiyo zinatakiwa 120. Profoma ikisema tofali moja ni 1,500, mstari huo ni 180,000. Fanya hivyohivyo kwa saruji, mchanga, ufundi na kuzoa kifusi. Vipimo vitoke kwenye eneo la tukio, na picha ionyeshe futi ikiwa imelazwa kando ya pengo. Bei ndiyo itoke kwenye profoma. Pale ambapo huna karatasi, mfano vibarua wa kuzoa kifusi, andika wazi kwamba ni makadirio, watu wangapi, kwa siku ngapi, kwa ujira gani. Makadirio yaliyotajwa kuwa makadirio hayana ubaya wowote.

Dagaa waliolowa baada ya ukuta kuanguka, na siku ambazo stoo haikufanya kazi, ni madai mengine yenye vielelezo vyake. Usiyachanganye na ukuta.

Kama umeshapeleka ripoti yenye jumla na profoma tatu tupu, huhitaji kuandika upya. Omba uongeze ukurasa mmoja wa kiambatisho. Zipe profoma herufi A, B na C, na kwa kila moja andika tarehe iliyotolewa, inaisha lini, imepima mita ngapi, kodi imo au haimo, na kwa nini umeitumia au umeiacha. Mstari mmoja mmoja unatosha.