Uvimbe wa titi unaofuata hedhi na ule usiofuata

Mwanamke anaoga, anapitisha mkono wenye sabuni karibu na kwapa, vidole vinakutana na kitu. Kabla ya kuuliza ni kitu gani, aulize kwanza leo ni siku ya ngapi tangu hedhi yake ya mwisho ianze. Siku huhesabiwa tangu damu ilipoanza kutoka: hiyo ndiyo siku ya 1, si siku damu ilipokatika.

Katika nusu ya pili ya mzunguko, yai likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni huliandaa titi kana kwamba mimba imeingia. Vifuko vya kutengenezea maziwa hutanuka, na tishu hushika maji. Titi linakuwa zito, sidiria inabana, na ukiligusa unahisi vijipunje vingi, kama mfuko wa kunde ulioubonyeza kwa nje. Mimba isipoingia, homoni hushuka, hedhi inaanza, na ndani ya siku chache titi linalegea. Hayo ndiyo maumivu na mabonge yanayofuata mzunguko. Kwa kawaida huwa pande zote mbili, hata kama upande mmoja umezidi, na huchachamaa sehemu ya juu kuelekea kwapani, kwa sababu huko ndiko tishu ya titi ilikojaa zaidi. Wengi huanza kuyahisi wiki moja au mbili kabla ya siku zao.

Uvimbe unaohitaji kuchunguzwa hauna mwezi. Upo leo, upo wiki ijayo, na hedhi ikija na kuondoka unaukuta palepale. Tena una mpaka wake: unaweza kuweka kidole ukasema unaanzia hapa na kuishia hapa, na ukigusa mahali hapohapo kwenye titi la pili hukuti mwenzake. Kulinganisha pande mbili kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, maana titi lenye mabonge ya kawaida mara nyingi lina pacha wake upande wa pili.

Maumivu yenyewe si kipimo kizuri. Watu wengi hutulia wakisikia uvimbe hauumi, na kuhangaika ukiuma, ilhali uvimbe wa saratani mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Kwa upande mwingine, si kila uvimbe unaobaki ni saratani. Kwa msichana au mwanamke kijana, kivimbe laini cha mviringo kinachokimbia vidole kama gololi chini ya ngozi mara nyingi ni fibroadenoma, ambayo si saratani. Kwa mwenye miaka 40 hivi, bonge linaloibuka ghafla likiwa na maumivu linaweza kuwa mfuko wa maji. Lakini vidole havitoshi kuvitofautisha hivi na saratani, hata vidole vya daktari.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 26 ana mzunguko wa siku 28. Hedhi yake ilianza tarehe 4 Machi. Tarehe 27 Machi, yaani siku ya 24, anahisi bonge lenye maumivu titi la kushoto, upande wa juu kuelekea kwapani. Ngozi ni ya kawaida, chuchu haijabadilika, kwapani hakuna kitu. Huyu anaweza kusubiri hedhi moja. Anaandika kwenye simu tarehe, upande na ukubwa: "kama punje ya harage" inatosha. Hedhi inaanza tarehe 1 Aprili. Kati ya tarehe 7 na 10 Aprili, titi likiwa limelegea, anagusa tena palepale. Likiwa limeyeyuka, lilikuwa la mzunguko. Likiwa bado lipo, hata kama limepungua kidogo, anakwenda hospitali wiki hiyohiyo. Kosa la kawaida hapa ni kujipa mwezi mwingine, kisha mwingine.

Wapo wasiotakiwa kusubiri hata hedhi moja: mwenye miaka 30 na kuendelea aliyegundua uvimbe mpya, aliyekwisha koma hedhi, na mwenye mama, dada au binti aliyepata saratani ya matiti. Vilevile yeyote mwenye bonge gumu lisilosogea, ngozi iliyovutwa ndani au yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka kuingia ndani hivi karibuni, chuchu inayotoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona, au tezi iliyovimba kwapani. Mwanamume mwenye bonge nyuma ya chuchu naye yumo, ingawa watu hucheka wakiambiwa.

Kujikagua, basi, kufanyike siku ya 7 hadi ya 10. Ukijigusa siku ya 25 utakuta mabonge kila mahali na utalala kwa hofu bure. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, ambaye hedhi yake haina ratiba, achague tarehe moja ya kila mwezi. Aliyekoma hedhi afanye hivyohivyo. Anayenyonyesha ajikague mtoto akishanyonya.

Anza mbele ya kioo, mikono kiunoni ukikaza kifua, kisha mikono juu. Unatafuta mahali ngozi inapovutwa. Halafu lala chali, weka kanga iliyokunjwa chini ya bega la kulia, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Kwa mkono wa kushoto tumia nyama za vidole vitatu vya kati, si ncha. Zungusha viduara vidogo kama sarafu, na kila mahali bonyeza mara tatu: kidogo, wastani, kisha mpaka uhisi mbavu. Shuka na kupanda kwa mistari iliyokaribiana, kuanzia kwapani hadi mfupa wa katikati ya kifua, na kuanzia mtulinga hadi chini ya mkunjo wa titi. Rudia upande wa pili. Usilifinye titi kati ya kidole gumba na vidole vingine, maana hata titi zima ukilibana hivyo litatoa bonge. Ule ukingo mgumu chini ya titi, ulio sawa pande zote mbili, ni wa kawaida.

Kujikagua hakuchukui nafasi ya vipimo. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai na kuchapishwa mwaka 2002 haukuona kwamba kuwafundisha wanawake kujikagua kwa utaratibu maalumu kulipunguza vifo. Mafunzo hayo yaliongeza tu kukatwa kwa vivimbe visivyo na madhara. Faida ya kujikagua ni ndogo lakini ya kweli: ukilijua titi lako la kawaida, unatambua lililobadilika.

Maumivu ya mzunguko hutulizwa na sidiria inayoshika vizuri, hata usiku, na parasetamoli. Bonge lisikandwe kwa maji moto wala kuchuliwa ili "liyeyuke". Na titi jekundu, lenye joto, la mtu asiyenyonyesha, lisipopona kwa dozi moja ya antibayotiki, lisipewe ya pili kabla ya kuchunguzwa, kwani ipo saratani inayojifanya jipu.

Hospitalini, uchunguzi una hatua tatu: kuguswa na daktari, picha, na kinyama kinachotolewa kwa sindano. Kwa kijana huanza ultrasaundi, kwa sababu tishu ya titi lake imeshonana sana na mamografia, yaani eksirei ya titi, haioni vizuri ndani yake. Ukiambiwa picha ni safi wakati bonge bado unalishika kwa kidole, uliza kuhusu sindano kabla hujatoka chumbani.