"Asilimia 90 wamepata kazi": dhana potofu kuhusu kozi fupi

Dhana: Asilimia 90 wameajiriwa, basi kozi inalipa.

Ukweli: Uliza kwanza, asilimia 90 ya akina nani? Tuseme walijiandikisha 100, wakamaliza 60. Chuo kikahesabu 40 tu kuwa ndio "waliokuwa wakitafuta kazi", na kati yao 36 wakaajiriwa. Tangazo litasema asilimia 90, na hesabu haina kosa. Ila kwako wewe unayetaka kulipa ada leo, ni 36 kati ya 100.

Mwaka 2024 shirika la serikali ya Marekani linalolinda watumiaji wa huduma za fedha liliichukulia hatua BloomTech, shule ya programu iliyojitangaza kwa asilimia 71 hadi 86 ilhali takwimu zake za ndani zilikuwa karibu na 50. Kuna kundi lililotangazwa kuwa na asilimia 100. Hesabu hiyo ilitokana na mwanafunzi mmoja.

Dhana: Mtaala wao umetokana na mahitaji ya soko la ajira.

Ukweli: Hili unaweza kulipima mwenyewe kwa jioni moja. Chukua kozi ya wiki 12 ya uchambuzi wa data. Kusanya matangazo 20 mapya ya kazi hiyo, ya mahali utakapoomba kweli, kisha chora jedwali: elimu, miaka ya uzoefu, zana. Tenganisha kilichoandikwa "lazima" na kile cha "itakuwa nyongeza", maana hapo ndipo wengi hujidanganya.

Anza na safu ya zana. Tuseme SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, ni lazima kwenye matangazo 15, Excel 14, na Python, lugha ya programu, 5. Fungua mtaala: Python wiki 7, SQL wiki moja. Mtaala huo umemfuata mwalimu, haukumfuata mwajiri.

Sasa angalia safu ya uzoefu. Matangazo 13 yanataka miaka miwili au zaidi. Katika 7 yaliyobaki, 4 yanadai shahada ambayo huna. Umebakiwa na 3, na hizo ndizo nafasi ambazo kozi inakufungulia. Kwa haki, waajiri wengine huandika kila wanachotamani, na miaka miwili huweza kulegezwa ukiwa na kazi za kuonyesha. Shahada ni ngumu zaidi: fomu ya mtandaoni ikiuliza "unayo?", ukijibu hapana unaweza kuchujwa kabla mtu hajasoma jina lako.

Dhana: "Usipopata kazi tunarudisha ada" maana yake huna cha kupoteza.

Ukweli: Soma mkataba wenyewe, si bango. Masharti huweza kukutaka utume maombi kadhaa kila wiki, usikose kipindi, wala usikatae kazi yoyote. Ukiteleza mara moja, dhamana imekwisha.

Kabla ya kulipa, wapelekee yale matangazo 3 na uwaulize ni wahitimu wangapi wa kundi lililopita walioajiriwa kwenye nafasi za aina hiyo. Wakikuonyesha tena bango la asilimia 90, ada ibaki mfukoni.