Barua ya bosi haimalizi kazi

"Nina cheti cha VETA na barua ya bosi. Si vinatosha kwenda Australia kama fundi?"

Barua pekee ni maneno ya bosi tu; mkaguzi wa Australia anayepima ujuzi wa mafundi anataka kuona pia ulivyolipwa. Chukua fundi wa kuchomelea pale Nyakato: barua yake inasifu bidii, haitaji tarehe, saa kwa wiki wala kazi zenyewe. Bosi aiandike upya: alichomelea nini, kwa mashine gani, toka lini hadi lini. Iambatane na hati za mshahara, taarifa ya benki au michango ya NSSF, tarehe zikilingana. Aliyejiajiri aweke ankara, mikataba na karatasi za TRA (ya kwetu, kule wakaguzi wa mafundi nao huitwa TRA). Picha akichomelea husaidia, ila hazionyeshi malipo.