Upepo wa baridi: kwa nini tairi ya bajaji hupimwa alfajiri

Upepo wa baridi ni kipimo cha upepo wa tairi iliyolala usiku kucha, kabla gurudumu halijaanza kuzunguka. Namba zilizoandikwa kwenye kitabu cha bajaji ni za wakati huo, si za saa saba mchana ukiwa umeshapiga tripu kumi kati ya stendi na Mikindani.

Tairi ya bajaji ni ndogo, na mara nyingi utaisoma 4.00-8, yaani upana wa inchi nne na rimu ya inchi nane. Udogo huo unaifanya izunguke mara nyingi kuliko tairi ya gari dogo kwa mwendo uleule, na kila mzunguko mbavu zake zinakunjwa na kukunjuliwa. Hapo ndipo joto linapozaliwa. Ongeza jua la Mtwara, na breki za kushika na kuachia kwenye msongamano wa sokoni: ngoma ya breki imo ndani ya rimu hiyohiyo.

Tuseme kitabu chako kinataka psi 34 nyuma. Mbele huwa pungufu, kwa kuwa injini na abiria wameelemea nyuma. Alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 25, unajaza 34. Mchana hewa iliyomo ndani ikifika nyuzi 55, geji itasoma karibu 39. Dereva anashtuka, anasema tairi itapasuka, anapunguza mpaka 34. Kesho alfajiri ikipoa, atakuta 29 na nusu. Hajui kwamba ameiibia tairi yake upepo ambao haukuwa umezidi. Siku hiyo mbavu zitakunjika zaidi, joto litapanda zaidi, na akirudia kupunguza mchana, atazidi kuimaliza.

Kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi yenye moto. Nunua geji yako mwenyewe, maana za vijiweni huchakaa, na upime kabla ya abiria wa kwanza.

Dalili za upepo mdogo ziko wazi. Kashata huisha pembeni huku katikati zikibaki. Upepo ukizidi, katikati ndiyo huisha. Dalili ya hatari zaidi ya upepo mdogo ni mdomo wa tyubu kulala upande badala ya kusimama wima. Maana yake tairi inateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, na tyubu itachanika pale shinani, mahali ambapo kiraka hakishiki.

Ukinunua mpya kwa kazi ya abiria kutwa, mimi nachagua tairi yenye alama ya 6PR kwa nyuma badala ya 4PR, kwa kuwa mwili wake umejengwa kubeba uzito zaidi. Lakini 6PR yenye upepo pungufu nayo hukunjika na kuchemka. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 1523 ni wiki ya 15 ya mwaka 2023. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi huwa na nyufa nyembamba mbavuni hata kama kashata zake hazijagusa barabara.