Maji au Baiskeli? Kwanza Tujue Mgongo Unauma Ukikaa au Ukisimama

Swali hili huulizwa mgonjwa akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango: "Daktari, sasa nikaogelee au niendeshe baiskeli?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini jina hilo nimeshalizoea. Mitaani jibu linajulikana: nenda kaogelee, maji hayaumizi mtu. Nimewapokea wengi waliofuata ushauri huo wakarudi wameinama zaidi ya walivyoondoka. Kwa hiyo na mimi huuliza swali langu: maumivu yanazidi ukikaa, au ukisimama na kutembea?

Katikati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, mto wa gegedu wenye ute mzito ndani yake. Ukiinama au ukikaa umejikunja, pingili hubana upande wa mbele wa diski na ute husukumwa nyuma, kule kunakopita mishipa ya fahamu. Aliyeumia diski kwa kawaida hulalamikia kiti, basi, kufunga kamba za viatu. Akisimama akatembea kidogo, hupata nafuu. Wapo wengine, hasa waliovuka miaka 55, ambao njia ya mishipa ya fahamu imekuwa nyembamba. Hawa ni kinyume chake. Kunyoosha mgongo huibana njia hiyo zaidi, kuinama huipanua. Mama wa namna hii hatembei mita mia mbili bila miguu kuwa mizito, lakini akiegemea kaunta ya duka au akikaa kwenye benchi, dakika chache tu anaendelea na safari yake.

Sasa tazama michezo yenyewe. Baiskeli humkalisha mtu na kuuinamisha mgongo wake mbele. Kuogelea kwa kulala kifudifudi hukinyoosha kiuno, na mara nyingi hukipinda kwenda nyuma. Ndiyo maana yule mama hufurahia baiskeli ya mazoezi na kuumizwa na mtindo wa chura, na mwenye diski mara nyingi huwa kinyume chake.

Nichukue mfano wa mpagazi wa sokoni, mwanamume wa miaka 42, aliyeinua mfuko wa saruji wa kilo 50 huku amejipinda kiuno. Alikuja wiki ya tatu. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapita takoni hadi kwenye misuli ya nyuma ya paja la kulia. Kukaa zaidi ya robo saa hakuwezi. Kwanza tulihakikisha hakuna dalili za hatari: haja ndogo na kubwa zinatoka kama kawaida, sehemu za siri na mapaja kwa ndani hazijafa ganzi, unyayo haulegei wala kuburuzika anapotembea, hana homa wala hajapungua uzito bila sababu. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi aende hospitali siku hiyohiyo. Suala la mazoezi litasubiri. Vilevile aliyepasuliwa mgongo asiingie majini mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari wake aruhusu.

Yeye alikuwa na baiskeli na alitamani kuanza nayo, tena kwa kwenda nayo kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nilimkatalia mambo yote mawili. Usiku tukiwa tumelala diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama huzikaza kuliko wakati mwingine wowote. Tukampandisha baiskeli ya mazoezi mchana ili ajionee mwenyewe. Dakika ya nne maumivu yalishuka hadi kwenye shavu la mguu. Hiyo ndiyo alama tunayoiangalia zaidi: maumivu yanayoteremka mguuni ni habari mbaya, yanayorudi juu kuelekea kiunoni ni habari njema, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kidogo.

Tukachagua maji. Lakini hakujua kuogelea, na hapa ndipo ushauri wa mitaani unapoharibu. Asiyeogelea vizuri huinua kichwa ili avute pumzi. Kichwa kikipanda, miguu huzama, na kiuno hupindwa kama upinde. Anapiga mateke kwa nguvu asizame, na mgongo ndio unaolipa. Kwake yeye kuogelea kulikuwa kutembea majini. Maji yakifika kitovuni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, hubaki kama theluthi moja. Alitembea kwenye maji ya kifuani dakika kumi, mbele na kurudi kinyumenyume, mara tatu kwa wiki, akiongeza dakika mbili kila wiki. Bwawa hakuwa nalo, alitumia bahari: sehemu ya mchanga isiyo na mawe, saa ambayo bahari imetulia, na ndugu yake pembeni. Siku ya mawimbi aliacha, kwa sababu wimbi la ubavuni humzungusha mtu kiuno bila yeye kutaka.

Kwa anayejua kuogelea, mtindo wa kwanza ninaoruhusu ni wa chali, kwa kuwa uso uko juu na pumzi haidai kuinua kichwa. Unaofuata ni wa kifudifudi wa kupokezana mikono, ilimradi azungushe mwili mzima kama gogo anapovuta hewa, asijinyonge shingo. Mtindo wa chura huja mwisho, na ule wa kipepeo mimi huufuta kabisa kwa miezi ya mwanzo.

Kipimo cha yule mpagazi kilikuwa kesho yake asubuhi. Ugumu kidogo jioni si tatizo. Ikiwa anaamka na maumivu makubwa kuliko ya jana, au yameteremka mguuni, anapunguza muda kwa nusu safari inayofuata.

Wiki ya tisa maumivu ya mguu yalikuwa yameisha, akaweza kukaa dakika arobaini. Ndipo tukaigeukia baiskeli yake. Siti ilikuwa juu mno: kila akikanyaga, nyonga zilikuwa zikiyumba huku na huku, na kiuno nacho kikiyumba pamoja nazo. Namna rahisi ya kuipima ni kukaa, kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka bila kujivuta. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usukani tukaupandisha ukawa juu kidogo ya siti ili asiinamie mbele. Baiskeli za mbio zenye usukani wa chini sizikubali hata kidogo kwa mtu wa diski.

Alianza na dakika tano kwenye lami tambarare, gia nyepesi, saa kumi jioni. Barabara ya mashimo ilikuwa marufuku, maana mtikisiko unaopanda kupitia siti hufikia pingili moja kwa moja. Kila wiki aliongeza dakika tatu. Wiki ya kumi na mbili alifika dakika kumi na nne, akajaribu kupanda mlima akiwa ameketi huku akivuta usukani, na takoni pakaanza kuwaka. Alishuka akaikokota baiskeli mpaka juu. Maji hakuyaacha. Mara mbili kwa wiki bado anakwenda kutembea baharini, na gunia bado hajaruhusiwa kuligusa.